Konjelatere imekufa na garanti ingali: namna ya kupata ajansi yenye itaipokea hapa Lubumbashi mbele ya kulipa pusupusu

Bandugu, naandika hii juu ya konjelatere, ile ya kulala yenye mlango juu, kwa sababu ndiyo watu wengi wa hapa kwetu wananunua ili wauze mayi ya baridi na tomson, na ikikufa mu garanti inaumiza kuliko kitu kingine. Simu yenye imeharibika unaiweka mu mfuko, asubuhi moja unazunguka ajansi tatu, haikugharimu kitu. Konjelatere ya litre 200 hapana, kila mlango yenye utaipeleka bure unalipa pusupusu ao kamyonete kwenda na kurudi, unatafuta vijana wawili wa kuinua, na ikibebwa mara nyingi inapata mikwaruzo, kisha ajansi ya tatu itakuambia "hii iliangushwa, haiko tena mu garanti".

Ilifika kwa yaya yangu, anaishi Katuba. Alinunua konjelatere mu butiki moja karibu na soko Mzee, dola 280, garanti ya mwaka moja iliandikwa kwa mkono chini ya fakitire. Juma la tano ikaanza kulia tik, tik, inanyamaza, haishiki baridi. Akarudi pale butiki, kijana akamuambia "mama, shiye hatupokeake, peleka ku magazini kubwa mu mji, jina ni ile ile". Akalipa pusupusu mpaka mu mji, na pale wakaangalia fakitire wakasema haiko yao. Jina ya ubao ilikuwa moja kweli, lakini walikuwa kampuni mbili mbalimbali. Akarudisha konjelatere nyumbani. Kosa haikuwa yake, mtu wa butiki njo alimutuma. Nilipomusaidia mara ya pili tulianza na karatasi na simu, konjelatere ikabaki mu salo, na hivyo njo nataka nieleze hapa.

Kwanza hakikisha ni konjelatere, haiko umeme

Hii sitaikalia sana lakini usiiruke, maana ajansi yoyote itauliza. Umeme wa SNEL mu kartiye nyingi unashuka mangaribi wakati kila mutu anapika. Angalia plake ya nyuma ao ya pembeni ya konjelatere, imeandikwa 220-240 V. Ita fundi wa umeme mwenye kuwa na miltimetre apime prizi yako mara mbili, mangaribi na tena usiku sana. Kama mangaribi anapata 160 ao 170, konpresere inaweza kushindwa kuwaka, inafanya ile tik tik, na kifaa hakina kosa. Kama usiku umeme uko 220 na bado haishiki, sasa uko na neno ya kusema. Piga foto ya miltimetre ikionyesha nimero, na video fupi yenye mlio unasikika.

Kitu moja usikubali: fundi wa kartiye afungue mabomba "aongeze gazi". Konjelatere nyingi za sasa zimeandikwa R600a kwenye plake, na ku konpresere kuna pembetatu ya njano yenye kuonyesha moto, ni kusema gazi yake inawaka. Gazi ingine haiwezi kuwekwa mahali yake, na mu vyumba vya kufungwa ukikosea na moto unaweza kuchoma watu. Kisha bomba ikikatwa tu, garanti imeisha, teknisyen wa ajansi ataona ile sudire mpya ya bomba kwa macho.

Soma fakitire, usisome ubao

Hapa njo kazi yenyewe iko. Chukua fakitire, ukae mahali penye mwangaza, utafute vitu vitatu.

Kwanza, juu ya karatasi kuna jina ya kampuni na adresi. Ile adresi mara mingi ni ya siege, kusema ofisi kuu, na siege inaweza kuwa etaji ya tatu yenye makarani peke yake, hawana hata mahali ya kuweka konjelatere. Usiibebe pale kwa sababu tu imeandikwa juu.

Pili, kashe. Kashe njo inasema ni mlango gani uliuza. Kampuni yenye milango mitatu inakuwaka na karatasi moja kwa wote lakini kashe tofauti, zingine zimeandikwa jina ya aveni, zingine "Depo", zingine nimero tu. Kama kashe imefifia, weka karatasi mu jua ao upige foto na uikuze mu simu, utashangaa vile maandishi yanatoka. Na kama hakuna kashe kabisa, rudi pale ulipolipia leo leo uombe iwekwe, mbele ya kuanza kusema mambo ya kosa, kwa sababu ukishasema "imeharibika" kashe inaanza kupotea.

Tatu, nimero za sheria: RCCM, Id. Nat. na Nimero ya Impo. RCCM inaanza na CD, inafuatwa na kifupi ya mji kampuni ilikoandikishwa, kwa mfano KIN kwa Kinshasa. Hii njo ingemuokoa yaya yangu. Magazini mbili zinaweza kuweka jina moja ku ubao kwa sababu zote zinauza marke moja ya vifaa, lakini RCCM na Id. Nat. hazilingane. Wakikutuma "ku magazini ingine ya jina hii hii", waombe foto ya kichwa ya fakitire ya ile magazini ingine, ama muulize mtu mwenye alinunua pale. Nimero zikilingana, ni nyumba moja. Zikikosa kulingana, yule mwingine hana deni kwako, hata akiwa mwema namna gani hawezi kutoa konpresere mu stoki yake kwa ajili ya dola zenye hakupokea.

Kuna kitu kingine kwenye karatasi chenye kinatisha watu: ile kashe nyekundu ao maneno ya chini yenye kusema vitu vilivyouzwa havirudishwe wala havibadilishwe. Watu wengi wanaisoma wanakaa nyumbani. Ile inagusa mutu mwenye amebadilisha mawazo, anataka rangi ingine. Konjelatere yenye ilikuwa na kosa ya ndani yenye hukuweza kuona siku ya kununua ni jambo ingine, na sheria yetu ya mapatano, dekre ya 30/7/1888 yenye ingali inatumika, inazungumzia kosa yenye kufichika: mununuzi anaweza kurudisha kitu na kudai feza yake, ao akibakishe na adai sehemu ya bei irudi. Lakini inataka usikawie. Na garanti ikiwa imeandikwa kwenye karatasi hiyo hiyo, garanti ni ahadi yao wenyewe, ile kashe haiifute.

Tafuta milango yote, kisha chuja

Sasa andika mu kaye kila mahali penye kampuni hii iko. Kwa yaya yangu tulipata tatu: butiki ya soko, ofisi yao mu mji, haiko ile magazini ya jina moja, na depo kule kartiye Endistriyeli. Tulizipataje? Mbili zilikuwa kwenye fakitire, ya depo ilikuwa kwenye bo ya livrezo ya jirani mwenye alinunua frigo kwao, maana frigo yake ilitoka depo moja kwa moja. Karatasi za majirani zinasaidia kuliko mtandao, kweli. Mu Google Maps utaona pini, lakini hapa magazini zinahama na pini inabaki, ama mtu aliweka pini ya aveni ingine. Pini itumike kwa kutafuta nimero ya simu na kuona foto ya ubao, na angalia foto iliwekwa mwaka gani. Ukisha kupata mutu wa kampuni ku WhatsApp, muombe atume lokalizasyo akiwa amesimama pale pale, na akuambie kwa namna ya hapa kwetu: aveni gani, kona ya aveni gani, kinaangaliana na nini. Mutu mwenye hawezi kusema kinaangaliana na nini, hayuko pale.

Nimero za simu chukua zenye zimechapwa ku fakitire ama ku kartasi ya garanti. Nimero yenye mutu aliweka mu komanteri, "piga hapa watakusaidia", acha. Watu wanaombaka feza ya "kufungua dosye" kwa nimero kama zile. Hakuna ajansi ya kweli yenye itakulipisha kwa Mobile Money mbele ya kuona kifaa.

Kama ku kartasi ya garanti kuna nimero ya marke yenyewe na iko Kinshasa, kumbuka masaa. Sisi tuko saa moja mbele yao. Wakifungua saa mbili ya asubuhi, kwetu ni saa tatu, na wakifunga saa kumi, kwetu ni kumi na moja. Watu wanapiga saa mbili na nusu, hakuna mutu anajibu, wanasema nimero imekufa.

Hapo unachuja kwa swali moja tu: hapa mnauzisha, ama mnapokea? Butiki inauzisha. Ofisi inapokea feza na kuandika. Yenye kupokea vitu vyenye vimeharibika mara nyingi ni depo ama atelie, mahali penye kuna teknisyen na vipande vya kubadilisha. Kwa garanti yenye inalindwa na marke, haiko magazini, utatumwa ku atelie yenye marke imekubali, na ile inaweza kuwa ya mutu mwingine kabisa. Hapo uliza marke yenyewe jina ya atelie, usimuulize atelie kama imekubaliwa.

Kuhakikisha: waache wakusomee fakitire yako

Hii ni sehemu yenye nataka ushike, hata kama ingine unasahau. Ukipiga simu uulize "munapokeaka konjelatere zenye ziliharibika?" jibu itakuwa "ndiyo mama, lete". Ni jibu ya adabu, haigharimu mwenye kuitoa kitu. Kesho yake utakuta mutu mwingine ku kontware, atasema hajui.

Badala yake fanya hivi. Uwape nimero ya fakitire peke yake, kisha nyamaza, uwaombe wakuambie tarehe na bei. Wakisoma "tarehe 12 mwezi wa nane, dola 280", unajua vitu viwili kwa mara moja: ni kampuni moja, na mlango huu unaona mauzo ya ule mwingine. Wakishindwa, ama wakianza kukuuliza wewe, "ilikuwa bei ngapi mama?", basi mlango ule hauoni kununua kwako na hata wakipokea konjelatere itakaa mu kona ikingojea mutu apige simu ku butiki. Butiki ya soko haikuweza. Ofisi ya mu mji iliweza kusoma lakini haikuwa na mahali. Depo ilisoma yote, mpaka nimero ya seri.

Kisha tuma mesaji, usiridhike na sauti ya simu. Yetu ilikuwa hivi, unaweza kuibadilisha:

"Jambo shefu. Niko na konjelatere, fakitire nimero fulani, ilinunuliwa butiki ya soko. Seri iko ku foto. Haishiki baridi, umeme nilipima 220, video hii hapa. Naomba unijibu: depo inapokea hii yenye iliuzwa butiki ingine? Siku gani na saa gani teknisyen iko? Nikuje na nini? Mutafanya nini, kutengeneza ao kubadilisha, na mu siku ngapi? Kubeba ni juu ya nani? Na nikifika niulize nani?"

Aweke jibu kwa kila swali. Akijibu tu "lete", muandikie tena upole, "asante shefu, na siku ya teknisyen?" Tulijibiwa baada ya saa mbili: wanapokea siku ya pili na siku ya nne peke yake, saa tatu mpaka saa sita, kuleta fakitire orijinali na kartasi ya garanti, kubeba ni juu ya mununuzi, wanatengeneza kwanza, wakishindwa wanabadilisha. Siku ya pili na ya nne peke yake. Tungebeba konjelatere siku ya kwanza haingepokelewa na tungelipa pusupusu mara mbili tena.

Namna ya kujua jibu haifai: anasema "tutaona ukifika", hataki kutoa jina ya mutu wa kuuliza, anajibu kwa sauti za WhatsApp lakini hataki kuandika, ama anakuambia uache kifaa kwa "rafiki yetu fundi" mu kartiye. Ile ya mwisho ni mbaya zaidi, kwa sababu siku fundi akiifungua garanti inakufa na watasema mikono iliyofungua haiko yao.

Kama uko mbali na depo lakini unaweza kufika kwa teksi ya bisi, nakushauri uende kwanza mikono mitupu, na fakitire, foto ya plake na video. Nauli ya bisi ni kidogo sana mbele ya kamyonete. Ukifika, waonyeshe mesaji yao wenyewe na uulize "ni wewe uliandika?". Tulifanya hivyo siku ya kwanza mchana, sentinele akatuitia mutu, akakubali, akaandika jina ya yaya mu kaye yao kwa siku ya pili.

Wenye walinunua Likasi ama Kolwezi na wanaishi hapa, ama kinyume, ulizeni hii mapema zaidi. Ajansi ya Lubumbashi inaweza kuwa na stoki yake na hesabu yake, na inakubali peke yake kama ajansi iliyouza inatuma mesaji ya kukubali. Omba ile mesaji itumwe na wewe uwekwe ndani yake. Na vile vyenye vinanunuliwa ngambo ya Kasumbalesa, garanti ya duka ya Zambia inabaki Zambia, ya marke inaweza kufika hapa ama kukosa kufika, kwa hiyo wape marke modeli na seri wakuambie kwa maandishi.

Siku ya kubeba

Toa vyote, uzime, uache mlango wazi mpaka barafu yote iyeyuke, usiku mzima, na upanguse. Funga mlango kwa kamba ama skochi. Ibebwe imesimama vile inasimama nyumbani, kamwe isilale kwa ubavu, mafuta ya konpresere yanaingia mu mabomba na hapo umetengeneza kosa ya pili. Piga foto za pande zote nne mbele ya kutoka nyumbani na tena ukifika mu kiwanja ya depo, kama kuna mukwaruzo wa zamani uonekane kuwa ni wa zamani.

Ukifika usishushe mbele ya mutu wao kuja kuangalia. Pusupusu wanaharakisha, wanataka kurudi sokoni, waambie wangoje dakika kumi na uwaongezee kitu kidogo, ni afazali kuliko kuishusha, kukataliwa, na kutafuta vijana wengine.

Fakitire orijinali waonyeshe, waache fotokopi. Hii tuligombana kidogo, kijana alitaka kubakisha orijinali "kwa dosye". Yaya akakataa kwa upole, "papa, nikikupa hii mimi nabaki na nini?", jeran akasema fotokopi inatosha. Kisha omba bo ya kupokea. Iwe na tarehe, modeli, nimero ya seri, kosa iliyosemwa, vitu vyenye umeacha (vikapu vya ndani, ufunguo), siku ya kurudi, sinyatire na kashe. Soma seri ya bo na seri ya plake nimero kwa nimero. Wakiandika "konjelatere moja nyeupe" peke yake, rudisha, waandike tena, kwa sababu mu depo kuna nyeupe makumi.

Wakikataa kupokea na wakati walishakubali kwa mesaji, usipige kelele kwanza. Waombe waandike sababu ku karatasi na kashe. Wengi wanapofika kuandika wanabadilisha neno, kwa sababu hawataki sababu yao isomwe na mkubwa. Wakikataa hata kuandika, piga foto ya ubao, rudi na mesaji, fakitire na foto za miltimetre ku siege, hapo sasa siege iko na maana, na uache barua yenye nakala yake imepigwa kashe ya kupokelewa. Baada ya hapo mlango ni Divizyo ya Ekonomi ya provense, ama tribinale ya pe yenye komini yako iko chini yake.

Kuichukua

Depo ilimwita yaya siku ya tisa. Konpresere ilibadilishwa. Usilipe kamyonete mbele ya kuona ikiwaka: waombe waiweke ku prizi pale pale, weka mkono ku ukuta wa ndani, baada ya dakika ishirini hivi unasikia ukuta unaanza kupoa na mlio ni wa kuendelea, haiko ile tik tik. Angalia seri ya plake ni ile ya bo yako, kama wamebadilisha konjelatere nzima seri mpya iandikwe ku fakitire yako na kashe, bila hivyo siku ingine watasema hii hatukuuzia wewe. Uliza konpresere mpya iko na garanti ya miezi ngapi na waiandike pale. Ukifika nyumbani uiache imesimama masaa manne ama tano mbele ya kuiweka ku umeme, na kama mangaribi yako ni ya volti 170, tia regilatere siku hiyo hiyo, mbele ya kujaza tomson.